Kulala saa ngapi ili uamke saa 11 alfajiri: hesabu ya mizunguko ya dakika 90

Binamu yangu anakaa Ongata Rongai na anafanya kazi ya uhasibu Upper Hill. Siku moja alinionyesha karatasi aliyoinakili kutoka mtandaoni: ukitaka kuamka saa 11:00 alfajiri, shikwa na usingizi saa 2:00, saa 3:30, saa 5:00 au saa 6:30 usiku, wala si katikati ya hapo. Alikuwa ameifuata karatasi ile miezi miwili kama ratiba ya treni. Akimaliza kazi za nyumbani saa 3:50, alijiambia kwamba saa 3:30 imeshampita, basi akakaa na simu mkononi akingojea saa 5:00. Na bado kila alfajiri kengele ilimkuta kama mtu aliyepigwa rungu kichwani.

Karatasi yenyewe haikuwa ya uongo. Kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuamka ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza kwa mtu yeyote wa Nairobi anayedamka kabla jua halijachomoza, kwa sababu hapa saa ya kuamka inaamuliwa na barabara. Lakini dakika 90 ni wastani tu, na anayeufanya wastani kuwa sheria hupoteza usingizi mwingi kuliko ule anaouokoa. Nitaeleza hesabu yenyewe, kisha namna ya kuirekebisha ikufae wewe, na mwishoni nitarudi kwa binamu yangu, maana hesabu yake tuliifanya pamoja kwenye daftari.

Dakika 90 zinatoka wapi

Usiku mmoja mtu hupitia usingizi wa aina kadhaa. Kwanza huja mang'amung'amu, ukiwa bado unasikia televisheni ya jirani. Kisha usingizi mwepesi wa kweli, kisha usingizi wa pono, ule ambao pumzi zinakuwa ndefu na anayetaka kukuamsha hana budi kukutikisa. Baada ya hapo mwili hurudi juu polepole na kuingia kwenye usingizi wa ndoto: macho yanakwenda huku na huku chini ya kope, na misuli ya mikono na miguu inalegea kabisa. Ndoto ikiisha, safari huanza upya.

Usingizi huo wa ndoto ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mmoja wa watu wa kwanza ambao Aserinsky aliwapima usiku kwa nyaya kichwani alikuwa mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka minane. Mwaka 1957 Kleitman na William Dement walionyesha kwamba safari hii hujirudia usiku kucha, mzunguko baada ya mzunguko. Wastani wa mzunguko mmoja kwa mtu mzima ni kama dakika 90, na hapo ndipo hesabu yetu ilipozaliwa.

Sasa shika mambo mawili, kwa sababu yote yanayofuata yanatokana nayo. La kwanza ni kwamba mizunguko hailingani. Mmoja unaweza kuwa wa dakika 70 na mwingine wa dakika 120, kati ya mtu na mtu, na hata ndani ya usiku mmoja wa mtu yule yule. La pili ni kwamba mizunguko ya mwanzo haifanani na ya mwisho. Usingizi wa pono umejaa katika theluthi ya kwanza ya usiku, na kadiri alfajiri inavyokaribia unapungua na nafasi yake kuchukuliwa na usingizi mwepesi na ndoto ndefu. Ndiyo maana ndoto unazozikumbuka nyingi ni za alfajiri.

Watu wanaitafuta hesabu hii kwa sababu ya ule ulevi wa kuamka. Kengele ikikukuta ndani ya pono, unakaa kitandani hujui leo ni siku gani, unamwaga maji ya chai nje ya kikombe, unajibu watoto kwa ukali. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya nusu saa hivi, ingawa kwa mtu aliyenyimwa usingizi huendelea zaidi. Kengele ikikukuta mwishoni mwa mzunguko, usingizi ukiwa mwepesi, unaamka kichwa kikiwa chepesi. Tumaini ni kupanga saa ya kulala ili kengele ilie hapo.

Kwanza funga saa ya kuamka

Anza na mlango wa kazi, urudi nyuma. Unatakiwa kuwa kwenye meza yako saa ngapi? Gari linachukua muda gani ukitoka saa hiyo, siku ya kawaida na si siku ya bahati? Unahitaji dakika ngapi kutoka kitandani hadi steji? Anayetoka Rongai, Kitengela au Githurai anajua kwamba dakika 15 za kuchelewa nyumbani zinaweza kuwa dakika 45 barabarani, na nauli inapanda kadiri foleni inavyojaa. Kwa hiyo saa hii usiikadirie kwa macho. Iandike kwa wiki moja, kisha chagua saa inayokufikisha kazini bila kukimbia.

Ukiipata, iwe moja kwa siku zote za kazi. Jumamosi na Jumapili unaweza kuongeza, lakini usizidishe dakika 60. Saa ya ndani ya mwili hujipanga kwa mwanga wa asubuhi na kwa wakati wa kuamka. Ukiamka saa 11 siku tano na saa 4 asubuhi siku mbili, Jumapili usiku mwili hautakubali kulala mapema, na Jumatatu utaanza wiki na deni. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna bahati hapo, kwa kuwa jua la Nairobi huchomoza karibu saa 12:30 mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kwa dakika zisizozidi ishirini hivi. Hatuna haja ya kubadilisha hesabu kwa majira, kama wanavyolazimika wenzetu wa kaskazini ya mbali.

Kisha chagua mizunguko mingapi

Mtu mzima achague mitano. Mitano mara dakika 90 ni dakika 450, yaani saa saba na nusu, na hiyo inaangukia ndani ya kiasi ambacho wataalamu wa usingizi wanakipendekeza kwa watu wazima, saa saba au zaidi kila usiku. Mwanafunzi wa sekondari anahitaji saa nane hadi kumi, kwa hiyo wake ni sita.

Mizunguko minne ni saa sita. Karatasi za mtandaoni huiweka minne kama chaguo halali sawa na mitano, kana kwamba kumaliza mzunguko ndiko kushiba. Sikubaliani nalo. Wapo wachache ambao saa sita zinawatosha, lakini wengi wanaodai hivyo wamezoea tu kuwa wachovu, nao unawajua: ndio wanaosinzia mara tu matatu inapoondoka steji na kuamshwa na makanga wakifika. Minne iwe ya usiku wa dharura, wa msiba au wa kazi isiyoweza kungoja. Isiwe ya kila siku.

Hesabu yenyewe, kwa saa ya Kiswahili

Hapa lugha yetu inatusaidia. Anayehesabu kwa saa ya simu lazima avuke usiku wa manane: kutoka 05:00 arudi hadi 00:00, kisha aendelee hadi 21:30, na wengi hukosea hapo katikati. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu usiku jua linapotua na kuumaliza saa 12 alfajiri, kwa hiyo usiku wote unakaa kwenye mstari mmoja. Saa 11:00 ukitoa saa 7:30 inabaki saa 3:30. Umemaliza. Saa 3:30 usiku ndiyo saa unayotakiwa kuwa umeshikwa na usingizi.

Lakini usingizi hauji mara tu kichwa kinapogusa mto. Mtu mwenye afya, asiye na deni kubwa la usingizi, huchukua kati ya dakika 10 na 20. Ongeza 15 kwa kuanzia. Basi badala ya kutoa saa 7:30 toa saa 7:45, nawe utapata saa ya kuzima taa moja kwa moja:

| Kuamka | Simu inaonyesha | Kushikwa na usingizi | Kuzima taa |
|---|---|---|---|
| saa 10:30 alfajiri | 04:30 | saa 3:00 usiku | saa 2:45 usiku |
| saa 11:00 alfajiri | 05:00 | saa 3:30 usiku | saa 3:15 usiku |
| saa 11:30 alfajiri | 05:30 | saa 4:00 usiku | saa 3:45 usiku |
| saa 12:00 asubuhi | 06:00 | saa 4:30 usiku | saa 4:15 usiku |
| saa 12:30 asubuhi | 06:30 | saa 5:00 usiku | saa 4:45 usiku |

Anayeamka saa 1:00 asubuhi aihesabu kama saa 13, atoe 7:45, apate saa 5:15 usiku. Unapoweka kengele kwenye simu, rudi kwenye saa ya simu kwa uangalifu. Nimemwona mtu aliyeweka 11:00 akidhani ni alfajiri, akaamshwa na mwanga wa dirishani huku mwajiri akimpigia.

Kuzima taa maana yake ni kulala chali au ubavu, simu imewekwa chini, gizani. Kuwa kitandani ukitazama video si sehemu ya zile dakika 15.

Kwa nini usingoje mzunguko unaofuata

Hapa ndipo binamu yangu alipoumia, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi.

Chukua watu watatu. Wa kwanza mizunguko yake ni ya dakika 80, wa pili 90, wa tatu 100. Wote wamelala saa 3:30 usiku na wote wameweka kengele saa 11:00. Mzunguko wa tano wa yule wa kwanza unaisha baada ya dakika 400, yaani saa 10:10 alfajiri. Wa pili unaisha saa 11:00 kamili. Wa tatu unaisha baada ya dakika 500, yaani saa 11:50. Tofauti ya dakika kumi tu kwa mzunguko, na baada ya mitano imekuwa dakika 50 huku na dakika 50 kule. Ongeza kwamba hakuna anayejua dakika aliyoshikwa na usingizi, na kwamba mizunguko ya mtu mmoja hailingani usiku huo huo. Hakuna karatasi inayoweza kukuahidi kwamba kengele italia mwisho wa mzunguko.

Kwa hiyo usingizi haufanani na treni inayoondoka kituoni kwa saa zake. Mzunguko wa kwanza unaanza pale wewe unaposhikwa, iwe saa 3:30, saa 3:50 au saa 4:10. Binamu yangu aliposubiri kutoka saa 3:50 hadi saa 5:00, alitoa dakika 70 za usingizi wa hakika, akanunua nafasi ya kubahatisha.

Kuna hasara nyingine ndani yake. Nilisema usingizi wa pono hujaa mwanzoni mwa usiku na kupungua alfajiri. Aliyelala kwa saa saba na zaidi, kengele inapolia huwa ameshamaliza sehemu kubwa ya pono yake, na popote inapomkuta pana uwezekano mkubwa kuwa ni usingizi mwepesi au ndoto. Aliyelala kwa saa tano au sita tu, tena siku nyingi mfululizo, mwili wake unadai pono kwa nguvu zaidi, na kengele ina nafasi kubwa ya kumkuta humo. Anayepunguza usingizi ili aamke mwepesi anajiongezea uwezekano wa kuamka mzito.

Kanuni yangu ni hii: saa ya jedwali ni saa ya mwisho ya kuzima taa. Ukichelewa kwa dakika 20, zima taa sasa hivi. Ukiwahi kwa dakika 20 na usingizi umekujia, lala.

Usiruke saa mbili kwa usiku mmoja

Mtu aliyezoea kulala saa 5:30 usiku akiona jedwali linamwambia saa 3:30, huzima taa saa 3:30 siku hiyo hiyo, akageuka kitandani hadi saa 5, kisha akasema hesabu haifanyi kazi. Kosa liko kwenye haraka. Saa ya mwili ina tabia ya kumweka mtu macho kwa nguvu zaidi katika saa mbili tatu zinazotangulia wakati wake wa kawaida wa kulala. Ndiyo maana unaweza kusinzia saa 12 jioni ndani ya gari, halafu ufike nyumbani na kuchangamka saa 3. Ukijaribu kulala ndani ya muda huo, unapigana na mwili wako mwenyewe.

Sogeza dakika 15 tu, ukae hapo usiku tatu, kisha dakika 15 nyingine. Wakati huo wote saa ya kuamka usiiguse. Mwanga wa asubuhi unasaidia sana kuivuta saa ya mwili mapema. Ukifika kazini, tembea nje kidogo kabla ya kuingia, au shuka kituo kimoja kabla. Jioni fanya kinyume: zima taa kubwa ya sebuleni, ubaki na ndogo.

Chai pia ina neno hapa. Kafeini ya kahawa na ya chai ya majani hubaki mwilini muda mrefu, na kwa wastani nusu yake huwa bado ipo baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa 11 jioni bado kina nusu yake kichwani saa 4 usiku. Anayelenga kuzima taa saa 3:30 aache kahawa na chai baada ya chakula cha mchana, anywe uji au maji ya tangawizi. Pombe huleta usingizi haraka, lakini hupunguza ndoto za mwanzo na kuvunjavunja nusu ya pili ya usiku, kwa hiyo usiku wa pombe usiuingize kwenye daftari.

Daftari la wiki mbili

Sasa unapima kama 7:45 ndiyo tarakimu yako. Weka daftari na kalamu kando ya kitanda. Kila asubuhi andika vitu vinne tu: ulizima taa saa ngapi, unadhani usingizi ulichukua dakika ngapi kuja, uliamka mwenyewe au kwa kengele, na baada ya dakika ngapi kichwa kilitulia. Usiku usitazame saa. Anayetazama saa akisubiri usingizi huufukuza, kwa hiyo makadirio ya asubuhi yanatosha.

Baada ya wiki mbili soma ukurasa wote pamoja. Siku moja mbaya haina maana.

Ukiona kwamba usingizi hukushika ndani ya dakika chache tu kila siku, usijipongeze. Hiyo ni dalili kwamba unadaiwa. Wahi zaidi kwa dakika 15. Ukiona unachukua zaidi ya nusu saa siku nyingi, na chai umeshaiacha, basi unalala mapema kuliko mwili wako unavyohitaji. Chelewesha kwa dakika 15.

Ukiona kengele inakukuta umezama siku nyingi, hujui ulipo, wahi kwa dakika 15 hadi 30. Wengi hapa hufanya kinyume, wanachelewa ili kuhamisha mwisho wa mzunguko. Jaribu kwanza kuongeza usingizi, na utashangaa ni mara ngapi tatizo huisha hapo. Na ukiona unaamka mwenyewe dakika 5 hadi 20 kabla ya kengele na kichwa ni chepesi, umefika. Usirudi kulala kwa dakika hizo wala usibonyeze kitufe cha kuahirisha kengele. Zile dakika kumi kumi huvunja usingizi vipande bila kukupa mzunguko wowote.

Saa za mkononi zinazochora usingizi kwa rangi zinaweza kukusaidia kujua ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Michoro yake ya pono na ndoto usiipangie maisha. Hatua hizo hupimwa kwa nyaya zinazosoma mawimbi ya ubongo, na saa ya mkononi hubahatisha kutokana na mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono.

Usiku ukikatika, mvua ikapiga mabati au mtoto akalia, usianze kuhesabu upya kwenye giza. Ukirudi kulala mwili unaendelea na kazi yake. Kuamka kwa muda mfupi katikati ya usiku ni jambo la kawaida, na mara nyingi hutokea mwishoni mwa mzunguko, usingizi ukiwa mwepesi.

Daftari la binamu yangu

Karatasi ilisema saa 5:00 na saa 11:00, lakini kwa kweli alikuwa akizima taa saa 5:30 usiku na kuamka saa 10:45 alfajiri. Hizo ni saa tano na dakika 15 kitandani, na akishikwa baada ya dakika chache, ni saa tano za usingizi. Ukitoa 7:45 kutoka 10:45 unapata saa 3:00 kamili usiku. Alicheka. Anatoka kazini saa 11 jioni, anafika Rongai saa 1:30 au saa 2, halafu kuna ugali na sukuma, vyombo, kazi ya shule ya watoto wawili na nguo za kupiga pasi. Saa 3:00 haikuwezekana, na hesabu isiyowezekana haina faida.

Tulianza upande wa alfajiri. Kwa nini 10:45? Alihitaji kuwa steji saa 12 kasoro dakika 10. Kati ya hapo alikuwa anapiga pasi, anaoga, anapakia chakula cha watoto na kutafuta soksi. Tulihamisha pasi hadi Jumapili alasiri, nguo za siku tano kwa mkupuo. Kuoga akahamishia usiku. Vyakula vya watoto vikapakiwa wakati wa kupakua chakula cha jioni. Alfajiri ikabaki na dakika 35 za kuvaa, kunywa chai na kuamsha watoto, na saa ya kuamka ikawa 11:15. Dakika 30 zilipatikana bila kugusa usiku.

Kumi na moja na robo ukitoa 7:45 ni saa 3:30 usiku. Kutoka 5:30 hadi 3:30 ni saa mbili, hatua nane za dakika 15. Kwa usiku tatu kila hatua, siku 24. Zile kazi za jioni hazikupungua sana, ila kazi ya shule ilianza chakula kikiwa jikoni, na mumewe akachukua vyombo. Kilichoondoka kabisa ni ule muda wa kungojea saa 5:00 na simu, pamoja na taarifa ya habari ya saa 3. Ile ya saa 1 anaipata redioni akiwa kwenye matatu.

Alipofika saa 3:45, daftari lilianza kubadilika. Usingizi ulimchukua kama dakika 15. Siku nne kati ya saba aliamka mwenyewe kati ya saa 11:05 na 11:10. Tulijaribu hatua ya mwisho, saa 3:30, na akawa anachukua zaidi ya dakika 30 kulala, huku akiamka saa ile ile. Tukarudi 3:45. Usingizi wake ni saa saba na dakika chache. Ukigawanya kwa tano unapata mizunguko ya dakika 85 hivi, lakini sisemi kwamba hiyo ndiyo mizunguko yake halisi, wala haina haja ya kujulikana. Tarakimu anayoihitaji ni moja: kutoka kuzima taa hadi kuamka, saa 7:30.

Wasiofaa kuitumia hesabu hii

Mtoto mchanga mzunguko wake ni mfupi, kama dakika 50 hadi 60, na analala kwa zamu mchana na usiku. Mama anayenyonyesha asijipimie kwa jedwali hili, alale mtoto anapolala. Bawabu, muuguzi na dereva wa usiku wanaweza kuhesabu mizunguko, lakini wakilala mchana saa ya mwili inawavuta upande mwingine, na giza la chumba na utulivu vitawafaa zaidi ya hesabu.

Mtu anayekoroma sana, anayekabwa pumzi usingizini au kuambiwa na mwenzake kwamba huacha kupumua kwa muda, na anayeamka mchovu hata baada ya saa nane, aende kwa daktari. Vivyo hivyo anayelala vibaya usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu. Huyo wa pili hasa asiendelee kulala mapema zaidi na zaidi akitafuta mizunguko, kwa sababu kukaa kitandani macho muda mrefu huzidisha kukosa usingizi.

Mvua ya masika ilipoanza na barabara ya Lang'ata ikaanza kusimama asubuhi, binamu yangu alilazimika kuwahi steji kwa robo saa. Hakunipigia simu. Aliamka saa 11:00, akatoa 7:30, akazima taa saa 3:30, na baada ya usiku tatu usingizi ukawa unamjia kwa saa hiyo.